Usimwambie fundi "choo kinavuja" tu

Mwezi uliopita nilimpigia fundi nikamwambia choo kinavuja. Akaja na boya jipya, akalifunga, akaondoka. Usiku maji yakaendelea kuchuruzika ndani ya bakuli. Kilichokuwa kimeisha ni mpira unaoziba tundu la chini ndani ya tanki, na nauli ya fundi nililipa mara mbili.

Siku hizi, kabla ya kupiga simu, nafanya hivi. Nafungua mfuniko wa tanki la choo na kuangalia maji yamefika wapi. Kama yamejaa hadi yanamwagikia kwenye lile bomba lililosimama katikati, namwambia: "Boya halikati maji." Huenda linahitaji kushushwa kidogo tu, au koki yake imekufa.

Kama yapo chini ya mdomo wa bomba hilo lakini bakuli bado linachuruzika, naweka alama ya penseli usawa wa maji, nafunga koki ndogo ya ukutani, na kusubiri nusu saa bila mtu kuflashi. Yakishuka chini ya alama, nasema: "Mpira wa chini unapitisha maji." Mara nyingine ni uchafu tu umeukalia, hasa mgao ukirudi na maji yenye mchanga.

Sakafu ikilowa ni habari nyingine kabisa. Hapo mwambie maji yanatokea wapi: kwenye hozi, kwenye maungio ya tanki na bakuli, au chini ya bakuli lenyewe, kwa sababu hilo la mwisho humfanya aje na saruji.