Namna ya kufunga zawadi ya Idi kwa nyumba ya wakwe

Mimi huuza kanga na vikoi Tanga mjini, na kila mwaka, tangu kumi la kati la Ramadhani, kazi yangu kubwa huwa ni kuwafungia watu zawadi za sikukuu za kupeleka ukweni. Nitaeleza ninavyoifanya kwa kufuata zawadi moja niliyoifunga mwaka jana kwa kijana aliyekulia Mbeya, ambaye ilikuwa Idi yake ya kwanza tangu aoe. Alinijia na orodha fupi: doti moja ya kanga kwa mama mkwe, manukato kwa wanawake wote wa nyumba ile, na halua. Ilikuwa orodha ya mtu mwenye moyo mzuri, lakini nilipomwuliza habari za nyumba yenyewe, tuliibadilisha karibu yote.

Hatua ya kwanza: Ijue nyumba kabla ya kununua

Usianze dukani. Kaa na mke wako, au mume wako, mtaje kila anayelala katika nyumba ile, na kwa kila mmoja uulize mambo matatu: ana nafasi gani katika nyumba, ana jambo gani la dini au la afya linalomfunga kwa sasa, na ni nani anayefaa kumkabidhi kitu mkononi. Kijana wangu alimpigia simu mkewe pale pale dukani. Tulipata kwamba baba mkwe ana wake wawili wanaokaa ua mmoja, kwamba ana kisukari, kwamba shangazi wa mke amefiwa na mumewe mwezi uliopita na yumo edani hapo hapo nyumbani, na kwamba kuna mashemeji wawili wasichana na watoto wanne wadogo.

Hatua ya pili: Chagua kanga, na usome jina lake

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na anayepewa atalisoma jina kabla ya kuitazama rangi. Jina ni maneno yako wewe uliyeitoa. Ukimpa mama mkwe kanga iliyoandikwa «Hasidi hana sababu», hata kama uliipenda kwa maua yake tu, atakaa usiku akijiuliza ni nani aliyekusudiwa.

Kijana alikuwa amekwisha kushika doti iliyoandikwa «Nani kama mama», kwa ajili ya mama aliyemzaa mkewe. Ni jina zuri sana katika nyumba yenye mama mmoja. Katika ua wenye wake wawili, jina lile lingesomwa na mama wa pili, ambaye alimlea binti yule tangu akiwa mdogo, naye asingesema neno, bali angelikumbuka. Baba mwenye nyumba anatakiwa na dini yake kuwafanyia wakeze uadilifu, na si adabu mkwe akaja kuupotosha mizani ule kwa zawadi. Basi nilimshauri achukue doti mbili zilizo sawa kwa rangi, kwa bei na kwa jina, na tukachagua «Wema hauozi», jina ambalo kila mmoja wao angeweza kulipokea bila kumtazama mwenzake.

Kisha ikague kanga yenyewe. Ifunue yote uone kama pindo limechapwa limenyooka na jina limo katika vipande vyote viwili. Ugumu wa kanga mpya usikudanganye, kwa sababu huo ni dondo na utaondoka ikifuliwa mara ya kwanza. Kama una shaka juu ya pamba yake, mwombe muuzaji akupe uzi mmoja wa ukingoni uuchome: uzi wa pamba huacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua, na ule wa nailoni huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Usiikate doti wala usiipinde. Mwenye kupewa ndiye atakayeikata na kuipeleka kwa fundi.

Hatua ya tatu: Stara, na mwenye eda

Mkwe wa kiume hampi mama mkwe wala shemeji nguo ya kulalia, nguo ya ndani au kitu chochote cha chumbani, hata kikiwa cha thamani. Mama mkwe ni maharimu wake kisheria, lakini heshima iliyopo kati yao ndiyo inayotangulia. Mashemeji si maharimu, kwa hiyo zawadi zao humpa mkewe, na mkewe ndiye anayewapa. Kwao tulichagua mitandio mizito isiyoonyesha nywele, isiyo na picha ya kiumbe hai, ili waweze kuswalia.

Manukato ya chupa niliyaondoa kabisa. Watu wengi wa dini huhofia spiriti iliyomo, na wengine hawapendi mwanamke atoke nje akinukia. Udi wa kufukiza nyumbani hupokewa vizuri zaidi, ila katika nyumba hii kulikuwa na shangazi. Mjane aliye edani hukaa miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito hukaa mpaka ajifungue, na katika muda huo hajitii manukato, hina wala nguo za mapambo. Kumletea fungu sawa na wenzake lenye udi na kanga inayong'aa ni kumkumbusha mbele ya watu yale aliyozuiliwa. Yeye tulimwekea mswala wa rangi moja pamoja na sukari, majani ya chai na tende. Udi wa akina mama tuliufunga mbali na vitu vyake, kwa kuwa harufu yake huhama upesi.

Hatua ya nne: Kitu cha kula

Halua ilibaki, kwa ajili ya wageni wa sikukuu, lakini si kwa jina la baba. Yeye alipata kikoi, na buni na tangawizi kavu kwa kahawa yake ya barazani. Usipeleke nyama ambayo huwezi kusema ni nani aliyeichinja, wala peremende zenye jelatini isiyojulikana inatokana na mnyama gani. Mchele unafaa, lakini usiupeleke usiku wa mwezi kuandama ukiwa umepimwa kilo mbili na nusu au tatu kwa kila kichwa, kwa maana hicho ndicho kipimo cha zakatulfitri, na wakwe zako wanaweza kudhani umewahesabu miongoni mwa mafakiri.

Hatua ya tano: Kufunga na kupeleka

Funga katika vikapu vya ukili, na useme mapema kwamba vikapu ni vyao. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, na ukipeleka sinia lako utakuwa umewatwika kazi ya kulijaza katika siku ambazo jiko limeelemewa. Usitumie karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, kwa sababu itachanwa na kutupwa.

Peleka kati ya tarehe 25 na 27 Ramadhani, usingoje mwezi uandame, kwani unaweza kuandama baada ya siku 29. Usiende alasiri wakati wanapika futari, wala saa ya tarawehe, asubuhi inafaa. Piga hodi, na usipojibiwa mara ya tatu ondoka, urudi wakati mwingine. Noti za watoto zibaki mfukoni mpaka siku yenyewe, zitolewe kama mkono wa Idi baada ya swala.

Kijana alirudi dukani wiki moja baada ya sikukuu, akaniamkia, akasema, «Mama, wale mama wawili walizivaa siku ya Idi mosi, wote kwa pamoja.» Shangazi alikuwa amemwagiza amnunulie doti moja, aniachie mimi niiweke mpaka atakapotoka eda.