Kazi ya kani iliyo mshazari: gunia la kilo 90 kwenye ubao wa lori

Kani ikivuta upande uleule kitu kinakokwenda, unazidisha tu kani kwa umbali. Tabu huanza kamba inapokwenda huku na mzigo kule. Hapo ndipo zao la nukta la vekta mbili linapohitajika, W ikiwa kazi, F kani na d mhamo:

```
W = F · d = Fx·dx + Fy·dy = F d cos(θ)
```

Sehemu ya katikati na ya mwisho zinatoa jibu moja. Anza na ile ya katikati kila unapoweza, na ile ya kosaini iwe ya kuhakiki. Wengi hufanya kinyume, na sababu ya kutowaiga iko kwenye hatua ya 3.

Mfano ni huu. Gunia la mahindi la kilo 90 linaburutwa juu ya ubao ulionyooka kutoka chini hadi bodi ya lori. Ubao umesimama mita 1.2 kwenda juu na mita 3.5 kwa mlalo. Wavutaji wako juu ya lori, wanavuta kamba kwa nyutoni 500, na wanarudi nyuma kadiri gunia linavyopanda ili mwelekeo wa kamba usibadilike.

Hatua ya 1: Andika mhamo

Weka x kwa mlalo na y kwa wima. Mhamo ni d = (3.5, 1.2). Urefu wake ni mita 3.7.

Hatua ya 2: Gawa kani ya kamba

Usihangaike na kipimapembe kwenye kamba inayotikisika. Chukua futi ya utepe: kama kamba inapanda sentimita 60 kwa kila sentimita 80 za mlalo, urefu wa kipande hicho ni sentimita 100, kwa hiyo 0.8 ya kani iko kwenye mlalo na 0.6 kwenye wima. F = (400, 300). Ukubwa wa kani unausoma kwenye mizani ya kuning'iniza iliyofungwa katikati ya kamba. Ikionyesha kilo 51, zidisha kwa 9.8 upate karibu nyutoni 500.

Kisha zidisha, jumlisha:

```
W = 400×3.5 + 300×1.2 = 1400 + 360 = 1760 J
```

Hiyo ndiyo kazi ya kamba.

Hatua ya 3: Hakiki kwa pembe, na hapa usikimbie

θ ni pembe kati ya vekta mbili zikiwa zimeanzia nukta moja. Si pembe ya kamba na ardhi, wala si pembe ya ubao na ardhi. Katika mfano huu kamba iko nyuzi 36.87 juu ya mlalo, na ubao nyuzi 18.92. Pembe kati yao ni tofauti yake, nyuzi 17.95, na 500 × 3.7 × cos(17.95°) inarudisha 1760.

Ukiweka 36.87 utapata 1480. Jibu hilohilo hutoka kwa mtu aliyechanganya mihimili, yaani ameandika kani kwa mlalo na wima lakini mhamo akauandika (3.7, 0) kana kwamba x inafuata ubao. Unaruhusiwa kulaza x kwenye ubao, mradi na kani uigawe upya kwa mihimili hiyo: inakuwa takriban (475.7, 154.1), na 475.7 × 3.7 ni 1760 vilevile. Mihimili yoyote inafaa, ila vekta zote mbili zitumie ileile.

Kosa baya zaidi ni kuweka pembe ya ubao, 18.92. Linatoa 1750, karibu mno na jibu sahihi, kwa sababu tu katika mfano huu 17.95 na 18.92 zimekaribiana. Jibu kukaribiana na lile unalolitarajia si ushahidi kwamba pembe ni sahihi. Badilisha mwinuko wa kamba kidogo, kosa litaonekana.

Uzito ndio unaowaangusha wengi. Vekta yake ni (0, −882), inaelekea chini moja kwa moja. Kwa vijenzi hakuna cha kufikiria: 0×3.5 + (−882)×1.2 = −1058.4 J. Kwa pembe, lazima uone kwamba mhamo unapanda nyuzi 18.92 juu ya mlalo na uzito unashuka nyuzi 90 chini yake, hivyo kati yao kuna nyuzi 108.92. Kosaini yake ni hasi, na alama ya hasi inajileta yenyewe. Usiibandike kwa mkono. Aliyeweka 18.92 kisha akabandika hasi atapata −3087, ambayo ni uzito mara mita 3.5 za mlalo. Uvutano haujali mlalo hata kidogo.

Kama majibu yote ya kosaini yamekwenda mrama, bonyeza cos 60 kwenye kikokotoo. Isipokuwa 0.5, kimewekwa kwenye radiani.

Hatua ya 4: Kani ya ubao na msuguano

Ubao unasukuma gunia kwa pembemraba na njia, kwa hiyo zao lake la nukta na mhamo ni sifuri. Kazi yake ni sifuri, lakini ukubwa wake unauhitaji ili upate msuguano. Kamba inainua gunia kidogo kutoka ubaoni, kwa hiyo ubao haubebi zote 882 × 3.5/3.7 = 834.3: toa zile nyutoni 154.1 za kamba zinazovuta kwa pembemraba na ubao, zinabaki 680.2. Kwa kizigeu cha msuguano, μ, cha 0.25, msuguano ni nyutoni 170 hivi. Unaelekea kinyume kabisa na mhamo, nyuzi 180, na kazi yake ni takriban −629 J.

Hatua ya 5: Jumlisha

1760 − 1058.4 − 629 inabakiza jouli 72 na ushei. Kama gunia lilianza likiwa limetulia, hiyo ndiyo nishati mwendo yake likifika juu, na kasi yake ni takriban mita 1.27 kwa sekunde. Kwa gunia linaloburutwa, hiyo ni kasi ya mtu anayetembea, inaingia akilini.

Aliyesahau kwamba kamba inainua gunia atapata msuguano wa nyutoni 208.6, kazi yake −772, na jumla ya karibu −70 J. Nishati mwendo haiwezi kuwa hasi. Ukiona jumla hasi kwa kitu kilichoanza kimetulia, ama kuna kani uliyoikosea, ama kwa kani ulizopewa gunia halifiki juu. Anza kukagua kwenye msuguano.

Kamba ikibadilisha mwelekeo

Wavutaji wakisimama palepale, kamba inazidi kusimama kadiri gunia linavyowakaribia, na F si vekta moja tena. Usitumie pembe ya wastani, kwa sababu kosaini haishuki kwa kiasi sawa kwa kila nyuzi. Gawa ubao vipande, tuseme vinne, pima mlalo na mwinuko wa kamba katikati ya kila kipande, fanya zao la nukta la kila kimoja, kisha jumlisha. Rudia kwa vipande vinane. Kama jumla imesogea kwa jouli chache tu, vinne vilitosha.