Jinsi ya kumwandikia mwenzako mwenye usikivu hafifu muhtasari wa mhadhara, vicheko vikiwemo

Mwaka jana mwenzangu wa darasani alikosa swali la jaribio kwa sababu yangu. Ana usikivu hafifu: sikio la kulia halisikii, la kushoto lina kifaa, na kinachobaki anakisoma kwenye midomo ya anayeongea. Mhadhiri akigeukia ubao, au mvua ya masika ikianza kupiga mabati hapa Moshi, kwake mhadhara umeishia hapo. Kwa hiyo mimi hurekodi, na jioni namwandikia muhtasari.

Mhadhara wenyewe ulihusu historia ya ushirika wa kahawa Kilimanjaro. Nilimwandikia kwamba mwaka 1976, serikali ilipofuta vyama vikuu vya ushirika, "mkulima akawa amepumzika kabisa, hana usumbufu wa mikutano". Mhadhiri aliyatamka maneno hayo, sikumsingizia. Lakini aliyatamka kwa kejeli, darasa likaangua kicheko, nami kicheko nikakiacha kwenye simu. Mwenzangu akajibu kwamba kufutwa kwa vyama kulimpa mkulima nafuu. Aliporudishiwa karatasi alinionyesha tu, hakusema neno. Tangu siku hiyo nafanya kama ninavyoeleza hapa.

Hatua ya 1: Rekodi, lakini na wewe uwepo

Omba ruhusa ya mhadhiri kwanza, mwambie ni kwa ajili ya nani. Weka simu kwenye meza ya mbele, juu ya daftari au mtandio, maana ikilala kwenye mbao tupu kila anayegonga meza atasikika kuliko mhadhiri. Iweke kwenye hali ya ndegeni isije ikaita katikati.

Halafu usijisahau kwa kuwa simu inafanya kazi. Rekodi haioni. Mhadhiri akinyamaza sekunde tano, simu inasikia kimya tu. Haijui kama alikuwa anachora, anamtazama mtu aliyechelewa, au anasubiri jibu. Mimi huwa na kijikaratasi, naandika dakika na neno moja: "dk 13 anasubiri", "dk 20 kachora mduara", "dk 31 kaiga sauti ya mzee". Inatosha. Ukijaribu kuandika zaidi utaacha kusikiliza.

Hatua ya 2: Sikiliza kwa kasi ya kawaida

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mimi nilikosea. Una mhadhara wa dakika 50, umechoka, unaongeza kasi ili umalize mapema. Maneno utayapata yote. Utakachopoteza ni vile vitu hasa unavyovitafuta. Kiswahili kinapima uzito kwa kuvuta sauti: "mbali" ni mbali, "mbaaali" ni safari nyingine. Ukiongeza kasi, "mbaaali" inarudi kuwa "mbali", na kituo cha sekunde mbili kinakuwa kama mtu anavuta pumzi. Kejeli nyingi hukaa kwenye kituo hicho.

Natumia VLC kwenye kompyuta. Mshale wa kushoto pamoja na kitufe cha Shift unarudi sekunde tatu, na hizo zinatosha kusikia tena neno moja. Sehemu ambayo ni maelezo matupu, kama orodha ya vifungu vya sheria, naiongeza kasi kidogo kwa kitufe cha `]`, kisha narudi kawaida kwa `=`. Mhadhara wa dakika 50 hunichukua kama saa mbili na nusu. Sijapata njia ya mkato isiyoniharibia kazi.

Hatua ya 3: Tega sikio kwa vitu vinne tu

Ukitaka kunasa kila kikohozi utamchosha msomaji. Mimi natafuta neno lililovutwa au kukazwa, kituo kisicho cha kawaida, kicheko, na neno ambalo mhadhiri hakulisema.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Walimu wetu tangu shule ya msingi wana tabia ya kuacha sentensi wazi ili darasa limalizie: "Mkulima hakusafirisha kahawa mwenyewe, aliipeleka kwenye chama cha...?" na darasa linaitikia, "Msingi!" Neno kuu la sentensi halikutoka kinywani mwa mhadhiri. Kwenye rekodi linasikika kama ngurumo tu, na mwenzako aliyekuwa anasoma midomo ya mhadhiri hakuona kitu, kwa sababu midomo ilisimama. Liandike neno hilo na useme limetoka darasani. Kama ngurumo haieleweki, sikiliza kinachofuata: akisema "Eeh" na kuendelea, jibu lilikuwa sahihi, akisema "Aa-aa" au akarudia swali, darasa lilikosea, na kosa hilo pia liandike, kwa sababu mara nyingi ndilo linalorudi kwenye mtihani.

Kuna pia sauti ndogo zisizo na herufi. "Mh!" ya mshangao si "mm" ya kukubali. Msonyo nao, ukitoka baada ya jina la sera fulani, ni maoni kamili. Usiandike "mm" ukamwachia abahatishe. Andika anakubali, au anashangaa, au anasonya.

Hatua ya 4: Amua kicheko kipi kinabaki

Kipimo changu ni hiki: kifute kicheko, kisha soma sentensi iliyobaki. Ikiwa maana imegeuka, kicheko kinakaa palepale kwenye maelezo. Ikiwa maana haikugusika, kwa mfano darasa limecheka kwa sababu kipaza sauti kimelia vibaya, naking'oa hapo, lakini sikitupi. Nakiweka chini kabisa, kwenye mstari niliouita "Kilichochekesha".

Mstari huo aliuomba yeye. Siku moja aliniandikia: "Mangi, jana mlicheka wote mkageuka upande wangu. Nimefanya nini?" Hakuwa amefanya kitu. Paka alikuwa amepita nyuma yake. Alilala na swali hilo usiku mzima kwa jambo la sentensi moja.

Hatua ya 5: Andika ulichosikia kwanza, unachodhani baadaye

Ninamtumia kwa WhatsApp, hivyo neno lililokazwa kwa sauti naliweka kati ya nyota, linakolea kwenye simu yake. Nyota ni za mkazo wa mhadhiri peke yake. Jambo nililoona mimi kuwa muhimu naliandika pembeni nikianza na "Mimi:", la sivyo atashindwa kujua sauti ni ya nani. Mambo yaliyosikika yanaingia kwenye mabano ya mraba. Ile sehemu iliyomponza, leo ningeiandika hivi:

```
12:40 Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa.
12:48 "Kwa hiyo mkulima akawa amepumzika
      kabiiisa, hana usumbufu wa mikutano."
      [anatua sekunde 2; darasa linacheka;
      yeye hacheki]
      KEJELI: mkulima alikosa mahali pa kusemea.
13:05 "Sasa *nani* anamsemea?"
      [kimya; hakuna aliyejibu]
13:20 Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria
      ya 1982.
```

Angalia mambo machache hapo. Sentensi ya kejeli nimeiacha kama ilivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu kejeli ukiifupisha inageuka kuwa taarifa. Herufi tatu kwenye "kabiiisa" zinaonyesha alivyovuta; mbili zingeweza kudhaniwa kosa la uchapaji. Nimesema nani alicheka na nani hakucheka, maana mhadhiri anayecheka pamoja na darasa huenda anatania tu, ila anayekaza uso anataka mfikirie. Na neno KEJELI limekuja mwisho, baada ya ushahidi, ili naye aweze kuupima na kunikatalia.

Nina uhakika gani kwamba ilikuwa kejeli? Sauti peke yake haitoshi. Hapa kuna uvutaji, kuna kituo, kuna kicheko, na zaidi ya yote kuna swali lililofuata, ambalo lisingekuwa na maana kama mkulima kweli alikuwa amepumzika. Ninapokuwa na kiashiria kimoja tu naandika "huenda kejeli". Kisipokuwepo kabisa sibuni. Mhadhiri mwenye sauti kavu atakupa muhtasari mkavu, na hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa.

Usimpunguzie matusi mepesi wala utani wa makabila ukidhani unamstahi. Kama darasa limesikia, na yeye ana haki ya kusikia. Ataamua mwenyewe kama amechukia.

Sehemu zisizosikika ziandike hivyohivyo: `[mvua, 22:10 hadi 24:30, sikusikia]`. Mwezi Aprili nilikuwa na muhtasari wenye mapengo manne ya namna hiyo. Nilishawishika kuyajaza kutoka kwenye kitabu, nikaacha. Niliandika ukurasa wa kitabu baada ya "Mimi:" ili ajue hayo hayakutoka kwa mhadhiri.

Hatua ya 6: Mtumie siku hiyohiyo, umuulize alichoona

Dakika zilizoandikwa pembeni zinamwezesha kurudi kwenye rekodi mwenyewe, akiongeza sauti kwa sikio la kushoto, au kumuuliza mtu mwingine asiye mimi. Lakini faida kubwa ya kuwahi ni kwamba bado anakumbuka sura. Yeye hukaa mstari wa mbele akimkazia macho mhadhiri saa nzima, wakati mimi nimeinama kwenye kijikaratasi.

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba mhadhiri alimsifu mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyekopesha wakulima pembejeo kabla ya mavuno: "Huyo alikuwa mtu wa *watu*." Hakuna kituo, hakuna kicheko, sauti tulivu. Nikaweka nyota, nikatuma. Baada ya dakika kumi jibu likaja: "Hapo sikubaliani na wewe. Aliposema 'mtu wa watu' alikuwa anasugua kidole gumba na cha shahada, kama anayehesabu noti."

Nimeirekebisha sehemu hiyo, na kwenye mabano nimeandika kuwa ni yeye aliyeona.