Bei ya mhodhi: ukishapata kiasi, panda hadi mstari wa mahitaji

Kwenye swali la ukiritimba, yaani mhodhi akiwa muuzaji pekee sokoni, wengi hukokotoa kiasi sawasawa halafu wanaharibu kwenye bei. Chukua mahitaji P = 100 − 2Q, P ikiwa bei na Q kiasi. Mapato ya nyongeza ni MR = 100 − 4Q, na gharama ya nyongeza, MC, ni 20 kwa kila kipande. Ukisawazisha MR na MC unapata Q = 20.

Hapo mikono huwa na haraka: pale mistari miwili inapokatana panasomeka 20, basi mtu anaandika bei ni 20. Lakini MR haisemi mnunuzi atalipa ngapi. Inasema tu kipande cha mwisho kimeongeza kiasi gani kwenye mapato. Anayejua mnunuzi atalipa ngapi ni mstari wa mahitaji. Kwa hiyo kutoka Q = 20 panda wima, ipite MR, hadi mahitaji: P = 100 − 40 = 60.

Kujikagua ni rahisi. Kwa bei ya 60 kila kipande kinabakiza 60 − 20 = 40, hivyo faida, kabla ya gharama zisizobadilika, ni 40 × 20 = 800. Kwa bei ya 20 ni sifuri, na mhodhi gani huyo?