Glasi zenye utando mweupe: unaotoka na usiotoka

Somo hili nimewaandikia wenzangu wa chama tunaokodisha vyombo vya sherehe hapa Nakuru na wale wa Kisumu na Magharibi. Kila msimu wa harusi ukiisha, malalamiko ni yale yale: glasi zimerudi nyeupe, zimesuguliwa, bado nyeupe. Kabla ya kusugua tena, kuna jambo moja la kujua. Weupe huo umekaa juu ya kioo, au ni kioo chenyewe kimelika? Wa kwanza unatoka. Wa pili hautoki, hata ukinunua sabuni ya bei gani.

Wengi hupima kwa kuilowesha glasi. Ikilowa inang'aa, ikikauka weupe unarudi, basi wanasema ni chumvi tu. Kipimo hicho hakitoshi. Kioo kilicholika kina vishimo vidogo mno, na maji yakivijaza glasi huonekana safi vilevile. Aina zote mbili hung'aa zikiwa zimelowa.

Kwanza, osha mafuta. Osha glasi kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, halafu suuza vizuri. Usiruke hatua hii, hasa kama glasi zilikuwa na maziwa au mala. Siki ikikuta maziwa huyagandisha, na mafuta yaliyobaki huizuia isiguse chokaa iliyo chini yake.

Pili, pima nusu ya glasi. Chukua glasi moja iliyo mbaya kuliko zote. Mimina siki nyeupe, ile vinega ya kawaida ya asilimia 5, kwenye bakuli, kisha ilaze glasi ubavu ili nusu yake tu izame. Iache dakika 15. Isuuze, ifute kwa kitambaa kikavu kisicho na manyoya, halafu ishike mbele ya dirisha ukiwa umeweka kitu cheusi nyuma yake. Ukiona mstari, upande mmoja safi na mwingine mweupe, una chokaa na kazi yako ni nyepesi. Usipoona tofauti yoyote, soma hatua ya nne kabla ya kuendelea.

Birika lako pia litakusaidia kujua. Dondoshea siki kidogo kwenye ukoko wa ndani. Ukitoa mapovu, maji yako yana chokaa. Usipotoa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni silika, na silika haijali siki. Visima vingi vya Bonde la Ufa vimechimbwa kwenye miamba ya volkano, na maji yake hubeba silika na sodiamu kwa wingi. Ndiyo maana mbinu inayomfaa mtu wa mji mwingine inaweza kukataa Nakuru.

Tatu, loweka. Kwa glasi nyingi, siki ni ghali na harufu yake ni kali. Mimi natumia asidi ya sitriki, ile ndimu ya unga inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki na ya kemikali za sabuni. Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 15, kwa kila lita ya maji. Tumia beseni la plastiki, si sufuria ya alumini, na usiliweke juu ya sakafu ya terazo, kwa sababu asidi ikimwagika huacha doa lisilofutika. Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono unavumilia. Yakichemka, glasi zitapasuka, na pia sitriki ikikutana na chokaa kwenye joto kali hutengeneza unga mweupe mwingine usioyeyuka upesi.

Zamisha glasi zote hadi midomoni, zisigongane, kwa dakika 20 hadi 30. Kisha pitisha sponji laini, suuza mara mbili, na ufute papo hapo. Ukiziacha zijikaushe zenyewe kwa maji yale yale ya boholi, utando unaanza upya.

Na tafadhali sana: siku ya kutumia siki au sitriki, Jik isiwe karibu na beseni hilo. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Usitie Jik ati ili glasi ziwe nyeupe zaidi.

Nne, kwa zilizokataa. Chukua baking soda, ilainishe kwa matone ya maji hadi iwe rojo zito, na usugue sehemu ndogo kwa kidole kilichovikwa kitambaa kilicholowa, kwa dakika moja hivi. Suuza, kausha, tazama. Kama sehemu hiyo imepata nafuu, kulikuwa na utando mgumu, pengine wa silika, na subira italipa. Kama haijabadilika hata kidogo, kioo kimelika. Usichanganye baking soda na siki ukidhani utapata nguvu mbili. Mapovu yanapendeza machoni, lakini zinauana na unabaki na maji ya chumvi.

Mfano ni seti moja iliyorudi kutoka sherehe upande wa Lanet, dazeni nne za glasi ndefu za juisi. Mteja aliziosha kwa maji ya boholi na kuzipanga kichwa chini kwenye trei bapa. Kila glasi ilikuwa na ukungu mwepesi mwilini na pete nene nyeupe mdomoni. Pete ile ilitokana na kichwa chini: maji yote yaliteremka mdomoni, yakanaswa kati ya glasi na trei, yakakaukia hapo. Nusu niliyozamisha ilitoka safi mwilini, lakini pete ilipungua tu. Nikaloweka zote kwa sitriki, lita 10 kwa vijiko 10. Mwili ukasafika wote. Pete nikazifuata kwa rojo la baking soda, moja baada ya nyingine, na nyingi zikatoka.

Zilibaki glasi chache zilizokuwa na rangi za upinde wa mvua ukizigeuza kwenye mwanga, kama mafuta juu ya dimbwi, na mikanda myeupe iliyozunguka shingo. Hizo sikuzisugua zaidi. Zilikuwa kongwe, zilizowahi kufungwa kwenye katoni zikiwa na unyevu, zimeviringishwa gazeti, na zikakaa stoo miezi mingi. Huko ndiko glasi nyingi za kukodisha huharibikia. Tone la maji likikaa muda mrefu juu ya kioo, hunyonya sodiamu iliyo ndani yake. Tone linakuwa kali kama maji ya magadi, halafu linaanza kuyeyusha silika ambayo ndiyo mwili wenyewe wa kioo. Hapo hakuna cha kuondoa, kwa kuwa kilichopungua ni kioo. Kuna poda ya seriamu oksidi wanayotumia mafundi wa vioo vya magari, lakini hiyo hula kioo hadi usawa wa vishimo. Kwa kioo bapa inafaa. Kwa ndani ya glasi ya kunywea, gharama na muda vitazidi bei ya glasi mpya. Glasi zilizolika nazitumia kuwekea vijiko na maua, na sizichanganyi na zinazokwenda kwa wateja.

Maswali ya wanachama

*Mwenye hoteli, Kisumu: Dada, sisi tuna maji ya bomba kutoka ziwani, si ya boholi. Mbona glasi bado zina ukungu?*

Maji ya Ziwa Viktoria yana madini machache, kwa hiyo mimi ningeshuku mafuta kwanza. Angalia kitambaa chako cha kufutia na yale maji ya kusuuzia. Kama beseni moja la kusuuza linahudumia glasi za chakula cha mchana chote, mafuta ya samaki na sabuni huelea juu na kila glasi hutoka nayo. Pitisha kidole kwenye glasi kavu. Kikiacha mchirizi, ni mafuta, na dawa yake ni sabuni, maji moto kiasi, na kubadilisha maji ya kusuuzia mara kwa mara.

*Mama wa Kakamega: Nyumbani tumezoea majivu kusugulia vyombo, na magadi tunayo ya mboga. Haviwezi kufanya kazi hii?*

Hapana, mama. Majivu yana chembe ngumu zinazochora kioo, na mikwaruzo hiyo baadaye hushika uchafu ikaonekana kama utando. Kwa sufuria ni sawa. Magadi nayo iko upande mmoja na chokaa, haiyeyushi chokaa. Ukiloweka glasi kwenye magadi ya moto usiku kucha, unaharakisha ule ulikaji niliouelezea. Waya wa kusugulia sufuria pia uuache mbali.

*Mwanachama, Gilgil: Maji yetu yana floridi, watoto wana meno ya kahawia. Si ndiyo inayokula glasi?*

Floridi kwenye visima vya huku ni tatizo la kweli, na vingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa kiasi hicho haili glasi. Inayokula kioo ni asidi ya haidrofloriki, kemikali ya kiwandani na hatari sana, na baadhi ya dawa za kutoa kutu huwa nayo. Ukiona neno hilo kwenye chupa, usiiguse. Na kwa meno ya watoto, siki haiondoi floridi, wala kuchemsha maji hakuiondoi.

*Kijana wa upishi, Bungoma: Asidi ya choo inatoa chokaa haraka. Nikisuuza vizuri kuna ubaya?*

Itatoa, ndiyo, lakini ina viungo vingine ambavyo havikutengenezwa kwa chombo cha kunywea, moshi wake unachoma, na ikikutana na Jik ni gesi ile ile. Sitriki ni kiungo cha chakula na inaifanya kazi hiyo hiyo kwa nusu saa. Baki nayo.

*Mama wa Busia: Glasi zangu zina ukingo wa dhahabu.*

Usiziloweke kabisa, mama. Lowesha kitambaa kwa siki, futa sehemu yenye utando tu bila kugusa dhahabu, subiri dakika chache, suuza. Rudia kama haijatoka.

*Mwanachama, Nakuru: Nifanyeje zisirudi tena hivyo?*

Kinga maji ya mvua. Hayana chokaa wala silika ya kuacha juu ya glasi. Yaache mabati yajioshe kwa mvua ya mwanzo, kisha kinga, chuja, chemsha, na uyatumie kwa suuzo la mwisho pekee. Panga glasi kwenye rafu ya nyavu ili hewa ipite mdomoni, usizipange kwenye trei bapa. Na katoni isifungwe mpaka ndani ya glasi pawe pakavu kabisa.

*Kijana wa upishi tena: Maji ya sitriki yakishatumika nimwage?*

Bado yana kazi. Dondoshea kidogo kwenye ukoko wa birika. Yakitoa mapovu, loweka awamu nyingine ya glasi. Yakinyamaza wakati sitriki mpya inatoa mapovu pale pale, yameisha nguvu, mwaga.