Hundi imeingia kwenye akaunti? Usitume mzigo bado

Ukiweka hundi, benki yako huandika kiasi chake kwenye akaunti kabla haijapokea hata senti moja. Inakukopesha imani tu. Hundi, au picha yake, bado inakwenda kwa benki ya aliyeiandika, na huko ndiko wanakotazama kama akaunti ina fedha, kama saini inafanana, kama tarehe ni sahihi au kama mwenyewe ameizuia isilipwe. Ikionekana kasoro moja, hundi hurudishwa bila kulipwa, na benki yako huondoa kile ilichoandika. Mara nyingi hukukata na ada juu yake.

Tuseme mteja amekuandikia hundi ya 500,000 kwa bidhaa ya 400,000, kisha anakuomba umrudishie 100,000 “iliyozidi”. Unaona salio limepanda, unamtumia. Siku chache baadaye hundi inarudi na zile 500,000 zinaondolewa zote. Ile 100,000 ilikuwa yako halisi, na bidhaa imeshaondoka. Akaunti ikiwa haina kitu, salio linakwenda hasi na deni ni lako, si la mwandika hundi. Hundi iliyozidi bei, kwa maoni yangu, irudishwe palepale.

Salio linaloruhusiwa kutolewa nalo si uthibitisho, kwa sababu baadhi ya benki hukuruhusu utoe kabla hundi haijalipwa. Muulize mhudumu hivi: “Benki iliyotoa hundi hii imeshailipa, au bado inaweza kurudishwa?”