Somo: Kufunza mipaka ya kazi kabla wanafunzi wa uuguzi hawajaingia wodi mara ya kwanza

Kila kundi jipya likikaribia kupelekwa wodini, wakufunzi huniuliza lile lile: maadili na mipaka ya kazi yafunzwe vipi? Naandika mara moja, hapa.

1. Hakikisha kila mwanafunzi ameandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Asiyeandikishwa haendi.

2. Kanuni za maadili wazisome nyumbani. Usiwasomee darasani.

3. Chora ubaoni safu tatu: "nafanya nikisimamiwa", "natazama tu", "sigusi". Wanafunzi wenyewe wazijaze. Kazi huingia safu ya kwanza ikitimiza masharti matatu: amefunzwa, amepimwa akafaulu katika chumba cha mazoezi, na yupo muuguzi aliyesajiliwa anayemsimamia pale pale. Sharti moja likikosekana, kazi inahama. Kwa hiyo kupima presha huwa safu ya kwanza, dawa ya mshipa huwa ya pili, na kuchukua idhini ya upasuaji ni ya tatu.

4. Kukataa kazi. Hapa ndipo masomo mengi huharibika. Mwanafunzi hujibu mtihani vizuri kwamba asifanye kazi asiyofunzwa, kisha wodini anapewa bomba la sindano na kuambiwa, "Mpe wa kitanda cha sita." Anampa, kwa sababu hakuna aliyemfunza maneno ya kusema.

Tumia kisa hiki. Bomba lina seftriaksoni gramu 1, tayari imechanganywa. Waulize: imechanganywa na nini? Ya kuchoma kwenye msuli huyeyushwa kwa lidokeini ya asilimia 1, mililita 3.5, na mchanganyiko huo haupitishwi mshipani kamwe, kwani lidokeini yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ya mshipani huyeyushwa kwa maji ya sindano, mililita 10, na kusukumwa polepole kwa dakika 2 hadi 4. Ukitazama bomba tu, hujui ni ipi. Tena dawa hii haichanganywi na dripu ya Ringa, yenye kalsiamu, hufanya chembe. Hapo wanaelewa kwamba mkono kuweza kusukuma si ruhusa ya kusukuma.

Kisha wafanye mazoezi kwa sauti, wawili wawili: "Sista, mimi ni mwanafunzi, dawa ya mshipa bado sijapimwa. Naomba nikubebee trei, nisimame nawe nitazame ukitoa." Sentensi ina hali yake, sababu, na msaada anaoweza kutoa. Zoezi lirudiwe mkufunzi akijifanya mkali, mwenye haraka. Onyo: usikubali "sijui" peke yake, maana muuguzi atamwelekeza kwa maneno mawili na kuondoka. Onyo la pili: asishike bomba huku akieleza. Akishalishika, ameshapokea kazi.

5. Ajitambulishe kwa mgonjwa kuwa ni mwanafunzi. Wagonjwa wetu humwita "sista" kila aliyevaa sare. Asahihishe kwa upole, na mgonjwa akimkataa asibishane.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nitumie orodha ya kazi zote, nifundishe kesho.
Jibu: Soma hatua ya 3. Orodha hutoka kwenye mtaala na daftari la mazoezi la chuo chako. Ya kwangu haitakufaa.

Swali: Lakini wodi zina wagonjwa wengi na wauguzi wachache. Mwanafunzi akikataa si anawaongezea mzigo?
Jibu: Ndiyo maana sentensi inamalizika kwa msaada. Wodi iliyoelemewa haimpi mwanafunzi ujuzi aliokosa. Mgonjwa akidhurika, muuguzi aliyemwachia kazi ataulizwa, na mwanafunzi pia.

Swali: Na akimkuta mgonjwa amezimia, hana pumzi, hakuna mtu karibu?
Jibu: Swali zuri sana, litie darasani. Apaze sauti kuita msaada, na kama amefunzwa aanze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka wenzake wafike. Dharura haimpi ruhusa ya kutoa dawa. Timu ikija, aeleze alichokuta na saa aliyoanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Akishafanya kazi kwa kusimamiwa, nani aandike kwenye faili?
Jibu: Marahaba. Aandike aliyefanya, na cheo chake "mwanafunzi" kionekane, kisha msimamizi atie saini naye. Asiandike kipimo alichokisikia kwa mwenzake.

Swali: Nje ya mada kidogo: wanafunzi wanatumiana visa vya wagonjwa Watsapu, bila majina. Ni sawa?
Jibu: Si nje ya mada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Jina likifutwa, bado kuna wodi, tarehe, umri na mtaa. Mtu wa Likoni mwenye jeraha lisilo la kawaida atatambuliwa na jirani yake. Darasani wape kisa kisicho na jina, wajaribu kubainisha mambo yanayomtambulisha mgonjwa. Picha za faili zisipigwe kabisa, hata za kusomea.